Tungule Mgeni: Habari za Kachumbari na Maji Yake

Katika karamu moja ya arusi niliyoalikwa si miaka mingi iliyopita, pilau ilipikwa kwa ustadi na kachumbari ikaiharibu. Sinia zilipoletwa, kila moja kwa watu sita, kachumbari ilikuwa imewekwa ubavuni mwa pilau kama ilivyo ada, na maji yake yalikuwa yamekwisha kutambaa chini ya wali mpaka upande wa pili. Punje zilizokuwa zimechambuka moja moja zikashikana. Mzee aliyekaa kuliani kwangu alichota kwa ncha za vidole, akatazama matone yakidondoka juu ya mkeka, akasema kwa upole, "Leo tumepewa na mchuzi." Hatukucheka, kwani mwenye arusi alikuwa amesimama karibu.

Baadaye niliuliza yaliyotokea jikoni, nami nikaelezwa bila ya kufichwa. Vijana waliopewa kazi ya kachumbari walikuwa na bidii kupita kiasi. Waliamka alfajiri, wakakata tungule na vitunguu vya watu mia mbili, wakatia chumvi na ndimu, wakachanganya yote katika mabeseni mawili, wakafunika kwa mikeka na kwenda kujipumzisha. Baada ya sala ya adhuhuri walipofunua, mboga ilikuwa ikiogelea. Wakamwaga maji. Pamoja na maji hayo yakaenda chumvi na ndimu, basi ladha ikapooza. Wakaongeza chumvi, na chumvi ile ikavuta maji mengine. Kwa hivyo kachumbari iliyofika mbele yetu ilikuwa imekwisha kukamuliwa mara mbili na ilikuwa ikijikamua mara ya tatu juu ya pilau.

Siku zile nilikuwa nikifasiri kurasa chache za safari ya Ibn Batuta, zile zinazohusu pwani yetu, kwa Kiarabu changu nilichokipata madrasa na kukiongeza kwa kamusi. Nilikuwa nimekwama kwenye neno moja la chakula. Sikutarajia kwamba mabeseni ya arusi na kurasa za karne ya kumi na nne yangenipa jawabu moja.

Ibn Batuta alifika Mogadishu mwaka 1331, kisha akashuka Mombasa na Kilwa. Huko Mogadishu aliandaliwa na sultani, naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kula, akahadithia chakula chenyewe kwa utuvu. Anaeleza wali uliopikwa kwa samli na kuwekwa katika sahani kubwa ya mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Anataja ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha anataja maziwa ya mgando, na pamoja nayo ndimu zilizohifadhiwa, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Anatuarifu kwamba embe likiwa bivu ni tunda tamu, na likiwa bichi ni kali kama ndimu na hutiwa katika siki. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe: anasema kwamba watu wale, kila wakila tonge la wali, huandamiza kitu katika vile vya chumvi na siki.

Basi ada ya kuandamiza wali wa samli kwa kitu kikali ilikuwapo pwani zaidi ya miaka mia moja na sitini kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kupita hapa mwaka 1498. Samli hulemea ulimi na ukali huusafisha. Kazi ya kachumbari ilikuwa na mwenyewe kabla kachumbari haijazaliwa.

Tatizo langu la kufasiri lilikuwa dogo kwa sura na kubwa kwa athari. Neno lililomo katika Kiarabu ni filfil, na mkono wangu uliandika "pilipili" bila ya kufikiri. Lakini msomaji wa leo akisoma pilipili katika chakula huona pilipili mbuzi, nyekundu, yenye kuwasha, na hiyo haikuwapo Mogadishu mwaka 1331 wala popote upande huu wa dunia. Pilipili za namna hiyo zote asili yake ni Amerika, nazo zilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Aliyoila Ibn Batuta ilikuwa pilipili manga au jamaa yake. Neno lilikaa pale pale na mmea ukabadilishwa chini yake, kama nyumba iliyouzwa na kibao cha mlangoni kikaachwa.

Na katika orodha yote ile ya msafiri hakuna tungule. Hakuweza kuiona, kwa kuwa nayo ni ya Amerika. Wameksiko wa kale walioiita tomatl waliilima na kuila pamoja na pilipili zao, na Wahispania waliouteka mji wao mkuu mwaka 1521 waliikuta ikiuzwa sokoni. Mwaka 1544 tabibu wa Kitaliana, Mattioli, aliitaja katika kitabu chake cha mimea. Hata hivyo Wazungu waliiogopa kwa muda mrefu, na ilipofika miaka ya 1690 ndipo mpishi mmoja wa Napoli, Antonio Latini, alipochapisha namna ya kuitayarisha kwa mtindo aliouita wa Kihispania: tungule zilizobabuliwa juu ya makaa, zikamenywa na kukatwa vidogo vidogo, zikachanganywa na kitunguu, pilipili, chumvi, mafuta na siki. Atakayeyasoma hayo kwetu atasema papo hapo kwamba ni kachumbari iliyopitishwa motoni. Nami nadhani moto ule ulikuwa na sababu zaidi ya ladha, kwani makaa hupunguza maji.

Jina lenyewe, kachumbari, lilitujia kutoka Bara Hindi, pamoja na wafanyabiashara wa Kachi na Gujarati waliozidi kuhamia Unguja baada ya Sayyid Said kuufanya mji huu kuwa makao yake katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa. Wao husema kachumbar. Katika Kihindi na Kiurdu liko neno kachumar, lenye maana ya kitu kilichopondwa au kusagika, na mtu akipigwa sana husemwa kwamba ametolewa kachumar. Hili ni jina linalopotosha, kwani kama kuna jambo moja ambalo mpishi wa kachumbari anatakiwa alikimbie, ni kuponda.

Kwetu Unguja na Pemba husema tungule. Bara na sehemu kubwa ya Kenya husema nyanya, jina linalotumika pia kwa nyanya chungu, mmea wa asili wa Afrika. Yaelekea mgeni alipewa jina la mwenyeji kwa kufanana umbo. Lakini ukizikata zote mbili, utaona tofauti iliyoleta taabu yote hii. Nyanya chungu ni nyama iliyojaa mbegu kavukavu, na tungule ni vyumba vya maji. Katika kila sehemu mia za tungule, tisini na nne au tisini na tano ni maji. Kitunguu nacho kina maji mengi, yapata themanini na tisa katika mia, lakini ya kitunguu yamefungwa katika majani magumu yaliyopangwa, na ya tungule yamo katika nyama laini na katika ule ute unaozunguka mbegu, ambao hauhitaji hata chumvi ili utoke. Kisu kinatosha.

Vitu alivyovitaja Ibn Batuta vilikuwa vimekwisha kutolewa maji kwa chumvi kabla ya kuwekwa mezani. Ndimu ya achari hukaa katika chumvi na jua kwa siku nyingi, ikatoa majimaji yake ndani ya chupa, na kinachofika kwenye sahani hakina tena cha kutoa. Ilipoingia tungule mbichi katika nafasi ileile, ubavuni mwa wali, iliingia na maji yake yote. Ndiyo maana naiita mgeni, na jina hilo si langu. Nimelipokea kwa shangazi yangu.

Shangazi amepika katika karamu za mtaani kwetu kwa zaidi ya miaka arubaini, na siku hizi hupika kwa ulimi tu, akiwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi bila ya kukuna nazi, huku wengine wakifanya. Nilimwendea nikamweleza ya arusi ile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mmekula uji wa pilau."

Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Nikamuuliza kosa lilikuwa wapi, akanijibu kwa swali: "Mgeni akija, humkaribisha jikoni tangu asubuhi akakaa na moshi? Tungule ni mgeni. Huingia chakula kikiwa tayari." Kisha akanambia nije siku ya pili na tungule kilo moja, vitunguu vitatu vyekundu, ndimu tatu na daftari, kwa sababu yeye hakuwahi kupima kitu maishani mwake na alijua kuwa mimi nisingeweza kuandika "kiasi".

Alianza na vitunguu, saa nzima na zaidi kabla ya kula. Vilikuwa gramu mia tatu baada ya kumenywa. Alivigawa nusu kutoka kichwa hadi kwenye mizizi, akaviinamisha na kuvikata vyembamba kama kucha, kwa kufuata mishipa yake ya urefu. Ukikata kwa kuikingama mishipa, alisema, kitunguu hulia zaidi na wewe hulia nacho. Maneno hayo ni ya kweli hata kwa wataalamu: ukali wa kitunguu haumo ndani yake kikiwa kizima, bali huzaliwa pale vijumba vyake vidogo vinapopasuliwa na vilivyomo kuchanganyika, na kwa hivyo kadiri unavyopasua vingi ndivyo ukali unavyozidi.

Akamimina chumvi kijiko kimoja kikubwa, kijiko cha kulia, juu ya vitunguu vikavu, akavisugua kwa ncha za vidole mpaka vikaanza kulowa na kulegea. Akaviacha dakika kumi. Hapo chumvi hufanya kazi ileile iliyoharibu arusi, isipokuwa hapa imetumwa. Kila kijumba cha mmea kimezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia mengi ya yale mengine. Chumvi ikiwa nyingi nje kuliko ndani, maji hutoka kuiendea. Hayaulizi kama ni wakati wake au la. Baada ya dakika kumi chini ya bakuli palikuwa na maji ya rangi ya waridi, machungu. Akayamwaga, akaosha vitunguu kwa maji safi mara mbili, akavikamua kwa viganja viwili kwa nguvu, kisha akavitia katika kitambaa safi na kuvisokota. Nilivionja: vilikuwa vitamu kidogo, vyororo, havikunipanda puani.

Katika maji ya kuoshea nilimwona akitumia yaliyochemshwa na kupoa, yaliyokuwa katika mtungi wenye kifuniko. Sikuuliza, lakini aliniona nikitazama. Aliniambia kwamba pilau haiui mtu, kwani imepita motoni, na aliye mbichi katika sinia ni kachumbari peke yake. Mji wetu unayajua hayo kwa msiba. Daktari James Christie, aliyekuwapo hapa kipindupindu kilipouvamia mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu yake, kilichochapwa mwaka 1876, na katika miaka ya 2015 na 2016 tuliuona ugonjwa huohuo tena. Yako matumaini kidogo katika ndimu: huko Guinea-Bissau, katika miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba waliotia ndimu katika mchuzi wao wa wali walipatwa na kipindupindu kwa uchache kuliko wasiotia, na kwamba ukali wa ndimu huviua vijidudu vyake. Lakini ndimu haifiki kila pembe ya jani lililooshwa kwa maji mabovu, na shangazi hakuwa tayari kuijaribu.

Vitunguu vilivyokamuliwa aliviweka katika bakuli la kigae, akavikamulia ndimu mbili, akatia pilipili mbuzi nusu iliyokatwa nyembamba. Baada ya robo saa vikageuka rangi, vikawa vyekundu vya kung'aa, kwa kuwa rangi ya kitunguu chekundu hupata wekundu zaidi kwenye ukali. Hii, alisema, ndiyo kachumbari. Iliyobaki ni tungule. Nami ndipo nilipoiona karamu ya Ibn Batuta: kitu kilichotolewa maji kwa chumvi, kikanyweshwa ukali, kikawekwa kungoja wali. Kingeweza kukaa hivyo mpaka usiku mahali pa baridi bila ya kudhurika. Hakina maji ya kutoa tena. Bali kina nafasi ya kunywa, na jambo hilo lilitufaa baadaye.

Ikaja zamu ya mgeni. Shangazi alizigeuza tungule zangu moja moja, akazitenga tatu. Moja ilikuwa na alama laini karibu na kikonyo, ambapo ilibanwa ndani ya tenga safarini kutoka bara. Sehemu kama hiyo imekwisha kupasuka ndani, na itavuja hata ukiikata kwa wembe. Nyingine mbili zilikuwa zile za mviringo, nyepesi ngozi, zenye kuitika kidole zinapobonyezwa. Alizipeleka kwenye mchuzi. Alizozitaka ni zile ndefundefu kama yai, ngumu, zilizoiva lakini zimebakiwa na kijani kidogo shingoni. Hapa tena pana historia, na wauzaji wa Darajani wanaijua kwa majina ya mbegu. Roma ilitolewa na watafiti wa serikali ya Marekani mwaka 1955 kwa ajili ya viwanda vya makopo, ambavyo vilitaka nyama nyingi na maji machache, kama shangazi. Tengeru 97 na Tanya zilitolewa Tanzania mwaka 1997, zikapendwa na wakulima kwa kuwa ngumu na kustahimili safari. Tungule ya kachumbari isiyochuruzika basi ni tungule ya jana tu. Bibi zetu walipambana na ile laini, na nadhani ndiyo maana wao walikuwa mafundi kuliko sisi.

Alizikosha, akazifuta moja moja kwa kitambaa mpaka zikakauka. Akazikata robo kwa kisu kidogo alichokinoa kwanza juu ya ukingo wa chini wa sahani. Kisu butu hakikati ngozi ya tungule, bali huikandamiza mpaka ipasuke, na hapo umekwisha kupata kachumar ya Kihindi kabla hujaanza. Kila robo aliipitishia kidole gumba, akautoa ute na mbegu zake, akauweka katika kikombe. Kisha akazikata robo zile vipande vyembamba vya urefu, ngozi ikiwa chini na kisu kikiingia upande wa nyama. Vidogo vya mraba, kama wanavyokata watu wa hotelini, havipendi. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo pande zilizokatwa zinavyokuwa nyingi, na kila upande uliokatwa ni mlango.

Nilimuuliza kama ute unatupwa. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Ladha ya tungule imo humo, alisema, na kwa hili pia wataalamu wamemfuata: mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walipima na kukuta kwamba ute wa mbegu una zaidi ya kile kitu kinachofanya chakula kiwe kitamu kwa ulimi, kuliko nyama ya tungule yenyewe. Ute ule aliusukuma katika chujio, akautia katika sufuria ya supu ya pilau. Kwa hiyo ladha haikupotea, ila ilihamia mahali ambapo maji hayamdhuru mtu.

Vipande vya tungule vilivyobaki, yapata gramu mia tano, alivitandaza katika chungio juu ya bakuli, akavinyunyizia chumvi robo ya kijiko cha chai, akaviacha dakika ishirini. Nilipima kilichodondoka: vijiko sita vya kulia. Hayo ndiyo maji ambayo yangeingia katika wali. Hakuvikamua, alilitikisa chungio mara tatu tu, kwani tungule iliyokamuliwa hufa. Na asiye na dakika ishirini, alisema, asitie chumvi kabisa kwenye tungule mpaka sinia iwe imeinuliwa, kwa sababu chumvi ya dakika tano italetwa mezani ikiwa kazini.

Mwisho, pilau ilipokwisha kupakuliwa, alizitia tungule katika vitunguu, akageuza mara mbili kutoka chini kwa mkono, bila ya kijiko, akaonja, akaongeza ndimu nusu na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Maji machache yaliyotoka tungule baada ya hapo yalinywewa na vitunguu vilivyokuwa vikavu. Nikaiacha sahani yangu moja makusudi juu ya meza. Baada ya nusu saa ilikuwa kavu chini. Baada ya saa moja palikuwa na kijiko kimoja cha maji, na baada ya saa mbili tungule zilikuwa zimelegea na sikupendelea tena kuzila, wala katika joto letu sishauri mtu azile. Hakuna ufundi unaoishinda saa ya pili. Anayetaka kachumbari ya kukaa kutwa aitoe tungule, kama wanavyofanya wauza chipsi wa Dar es Salaam, ambao hujaza kabichi na karoti na kupachika vipande viwili vya tungule juu kwa ajili ya macho. Sina ugomvi nao, isipokuwa hiyo ni kitu kingine chenye jina hilo.

Kwa karamu ya watu mia mbili hesabu yake ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Vitunguu vikatwe usiku, vikamuliwe na kutiwa ndimu, vifunikwe mahali pa baridi. Tungule zikatwe na kutolewa ute saa nne asubuhi, zikae bila ya chumvi katika machungio na vitambaa juu, tena katika barafu kama ipo. Chumvi ya tungule itiwe adhana ya adhuhuri inapolia. Kuchanganya kufanywe wakati watu wanajipanga kwenye mikeka, beseni moja baada ya jingine, na kila beseni ligawiwe kabla la pili halijachanganywa. Na kachumbari isimiminwe juu ya sinia, bali ipelekwe katika vibakuli, kila mtu ajichotee.

Katika tafsiri yangu nilifuta neno "kachumbari" nililokuwa nimeliandika kwa penseli pembeni, nikaweka "achari", na kwa filfil nikaandika "pilipili manga" ingawa manga haimo katika Kiarabu. Nilipomsomea shangazi sehemu ile ya wali wa samli na ndimu na embe bichi la siki, alisikiliza mpaka mwisho akauliza kama mgeni yule alikaa siku ngapi. Nikamwambia chakula kile alikula siku tatu, kisha siku ya nne, Ijumaa, akaletewa nguo za kwenda kusali. "Basi alishiba," akasema, akanipa kikombe chenye yale maji ya vijiko sita, niyatie katika supu.